Neno Ambalo Mdogo Wangu Hakuniambia

Huku kwetu Singida cheti kinaheshimiwa kuliko mwenye cheti. Mtu anaingia dukani kwangu na kandambili zilizofungwa kwa waya, shati halina vifungo viwili, lakini cheti chake cha kidato cha nne kimelala ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko katikati ya Biblia au ndani ya begi la shule la mtoto. Anakitoa kwa vidole viwili. Nikikilaza kwenye kioo cha mashine upande kidogo, ananikemea kama nimemlaza mgonjwa vibaya.

Mimi ni mwenye steshenari Mandewa. Chumba kimoja, mashine ya kopi, kompyuta, printa, na benchi la wateja nje chini ya bati. Kazi yangu kubwa ni kopi, kuskani, na kuwatumia watu maombi ya kazi, kwa sababu wengi hawana barua pepe, na walio nayo wamesahau namna ya kuingia. Nilijulikana kwa jambo moja: kopi safi. Cheti kilicholiwa na mchwa pembeni nilikiskani, nikakirekebisha kwenye kompyuta, nikafuta madoa ya chai na alama za kukunjwa, kikatoka cheupe kama kimetoka baraza la mitihani asubuhi hiyo. Watu walitoka Ikungi wakapita steshenari tatu kuja kwangu. Nilijiona fundi, na sikuficha kujiona huko.

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi. Ndiye wa mwisho kwetu, tumepishana miaka kumi na minne, kwa hiyo mimi ni dada yake na pia ni kama mama yake, maana mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la sita. Nilimsomesha. Alipomaliza chuo akapata leseni, akakaa miaka bila ajira, akijitolea kwenye zahanati moja huko Mitundu, akilala kwenye chumba cha kupanga na kuchoma sindano watoto wa watu kwa asante tu. Nilikuwa na hasira na serikali, na hasira na Mungu, na siku nyingine na yeye pia, kana kwamba ni yeye aliyeficha ajira mahali.

Siku moja likaja tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi. Wakala wa ajira alitafuta wauguzi wa hospitali binafsi. Walitaka kopi ya kitambulisho cha taifa mbele na nyuma, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, leseni, na picha ndogo. Kutuma kwa namba ile ile iliyo kwenye tangazo. Mwisho kesho yake.

Mdogo wangu alipanda gari kutoka Mitundu mpaka Itigi, Itigi mpaka Manyoni, Manyoni mpaka kwangu, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwekea maji ya kunawa, nikawasha mashine. Akasema, huku anajifuta uso na khanga yangu, "Dada, kabla ya kutuma naomba tuandike juu ya kila kopi. Tuandike ni kwa maombi ya kazi hii tu, na tarehe. Mwalimu wetu chuoni alituambia tusiwahi kutuma kopi tupu."

Nilimcheka. Nakumbuka nilivyomcheka, na ningependa nisikumbuke. Nikamwambia, "Yaani uchore kwenye cheti? Unataka waone wewe ni mtu wa mashaka? Mtu anaomba kazi au anaomba kesi?"

"Hatuchori kwenye cheti chenyewe. Kwenye kopi."

"Kopi ndiyo sura yako. Mwenye kuchagua ana karatasi mia, anakutana na yako ina maandishi kama ukuta wa choo cha stendi, anaiweka pembeni."

Akanikabidhi vyeti. Kwetu mdogo habishani na mkubwa mara tatu. Mara ya kwanza ni maoni, ya pili ni ubishi, ya tatu ni utovu wa adabu. Alikuwa amefika ya pili. Nikaskani, nikasafisha, nikafuta hata kivuli cha pembeni, nikatuma vyote kwa namba ile kutoka simu ya duka. Vikaenda tiki mbili. Tiki zikawa za bluu. Tukafurahi, nikampikia kuku.

Yule wakala hakujibu. Baada ya wiki namba ikawa haipatikani. Nikamwambia mdogo wangu, "Basi si riziki yako," na yeye akarudi Mitundu kwenye zahanati yake ya asante. Tukasahau. Kusahau nako kuna raha yake, mpaka siku unapokumbushwa.

Ulipita mwaka na zaidi. Serikali ikatangaza nafasi za afya, watu wakajaza maombi kwenye mfumo, na mdogo wangu akajaza. Majibu yalipotoka, waliosoma naye wakaitwa, yeye hakuitwa. Alifuatilia kwa simu, kisha kwa miguu. Mwisho akaambiwa na mtu mmoja ofisini, kwa upole lakini waziwazi, kwamba mwenye vyeti hivyo tayari yupo kazini. Yupo kwenye kituo cha afya cha mkoa wa mbali, ana miezi minane kazini, na jina lake ni jina la mdogo wangu.

Tulikwenda huko wote wawili. Safari ya siku mbili. Ofisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alifungua faili mezani akaligeuza kwetu. Kopi ya kitambulisho ilikuwa na jina la mdogo wangu, namba ya mdogo wangu, tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wangu, na sura ya msichana mwingine kabisa, mzuri, anayetabasamu kidogo. Chini yake cheti cha kidato cha nne, kisha cha chuo, kisha leseni. Vimegongwa mhuri wa wakili. Vyeupe. Visafi.

Na upande wa kulia wa kila karatasi, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, mwembamba kama unywele. Kioo cha mashine yangu kina mkwaruzo. Nilikuwa nikiufuta mstari huo kwenye kazi za wateja kwa sababu ulikuwa unaniudhi, lakini siku ile, kwa haraka ya kuwahi mwisho wa tangazo, nilisafisha yote nikausahau. Mdogo wangu aliuangalia ule mstari, halafu akaniangalia mimi. Afadhali angenitukana.

Yule mama mwenye miwani akasema, "Hizi zilitoka mahali zikiwa tupu. Kopi ingekuwa imeandikwa katikati yake ni ya nani na ya kazi gani, huyu asingeweza kuileta hapa. Ingebidi kwanza aifute, na kufuta kunaonekana." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetueleza choo kiko wapi.

Msichana wa kwenye picha alikuwa ameshatoroka kabla hatujafika. Alisikia, akaaga anakwenda kwenye msiba, hakurudi. Ungedhani kwa kukimbia ameacha kiti wazi, mdogo wangu akae. Haiendi hivyo. Sasa kulikuwa na watu wawili wenye jina moja na mmoja wao ni mwizi, na karatasi hazisemi ni yupi. Mdogo wangu ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Alikwenda shuleni alikosoma, mwalimu mkuu akamwandikia barua. Akaenda chuoni. Akaapa mahakamani. Akaweka alama za vidole. Polisi walimuuliza alimpa nani vyeti vyake, na akajibu, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, "Nilituma mwenyewe."

Kesi ile ya karatasi ilikula misimu miwili ya alizeti. Jina lake liliposafishwa, nafasi zilikuwa zimeshajaa na watu wengine. Alirudi Mitundu. Kuja kwangu akapunguza. Alikuwa akipiga simu Jumapili, "Shikamoo dada," "Marahaba, hujambo?" "Sijambo," habari za mvua, habari za kuku, basi. Mimi nilibandika karatasi dukani ukutani: HATUTUMI KOPI BILA KUANDIKA SABABU. Wateja waliudhika, na wengine wakahamia steshenari ya jirani. Mzee mmoja wa Iramba aliniambia, "Mama, unachafua cheti cha mwanangu." Nikamwambia achukue mfuko wake aende, na akaenda kweli. Nilikuwa naadhibu wateja kwa kosa langu, nalijua hilo.

Mwaka huu, mwezi wa vitunguu kuanza kuvunwa, mdogo wangu akanipigia siku isiyo Jumapili. Kuna wakala wa ajira Dodoma anayetafuta wauguzi wa hospitali moja kubwa ya binafsi. Safari hii hakuniuliza naonaje. Alinieleza alichokwisha fanya. Alikwenda ofisi ya kazi kuuliza kama wakala huyo ana leseni, akaambiwa anayo, akapewa namba ya simu ya ofisi yao iliyoko kwenye kumbukumbu, siyo iliyo kwenye tangazo. Akawapigia kwa namba hiyo. Akauliza wanahitaji nini kwa hatua hii. Wakasema kitambulisho, cheti cha chuo na leseni ili waihakiki. Cheti cha kuzaliwa? Bado, mpaka siku ya usaili, na utakileta mkononi. Akauliza kama watakubali kopi zenye maandishi na faili lililofungwa. Wakasema watakubali. Aliniambia yote haya haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha ya dawa, kisha akasema, "Naomba nije nitumie mashine yako. Itigi kuna steshenari, lakini kuna watu wengi nyuma ya kiti."

Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Nilifagia duka mara mbili.

Alifika saa nne asubuhi. Alichukua kopi nne nilizomtolea kwenye mashine, akaziweka mezani, akatoa kalamu ya wino wa bluu nzito. Juu ya kila moja akaandika kwa mshazari, kutoka kona ya chini mpaka ya juu, akipita katikati ya jina na pembeni mwa picha lakini bila kuziba namba: kopi hii ni kwa maombi ya kazi ya uuguzi kwa wakala fulani, Dodoma, na akaandika jina la wakala lote, tarehe, na maneno "haitumiki kwa jambo lingine lolote." Mwandiko wake wa kiuguzi, ule wa kuandika kwenye faili la mgonjwa, unaosomeka. Halafu ndipo akaziskani zile kopi zilizoandikwa. Akaniambia bila kunitazama, "Maandishi yakiwa ndani ya picha yenyewe, mtu hawezi kuyabandua."

"Sawa," nikasema. Miaka kumi na tano ya kazi hii, na mtoto niliyemfundisha kuandika alifu ananieleza kuskani. Nilijua nimestahili.

Akaweka picha zile kwenye ukurasa wa Word, moja moja, kisha akaihifadhi kama PDF. Kwenye ile sehemu ya machaguo akaweka tiki kwenye kisanduku cha kufunga faili kwa neno la siri. Kikaja kidirisha kinachotaka aandike neno hilo mara mbili.

Akasimamisha vidole juu ya kibodi. Akasema, "Dada, naomba ugeuke kidogo."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani kuna kitu nyuma yangu. Kisha nikaelewa, nikageukia ukutani, pale nilipobandika karatasi yangu ya herufi kubwa, nikaisoma kama mteja. Nilisikia vitufe. Neno lilikuwa refu. Lilipigwa mara mbili, sawasawa, na mimi nikiwa nimesimama kwenye duka langu mwenyewe nikitazama chokaa.

"Tayari," akasema.

Alilifungua lile faili kujaribu. Likagoma, likataka neno. Nikageuka tena kabla hajaniomba. Likafunguka. Akaingia kwenye barua pepe yake, akaambatisha faili, na akaambatisha pia barua ya maombi na maelezo yake binafsi, hivyo viwili vikiwa wazi, maana havina namba ya kitambulisho. Hakuandika neno la siri kwenye barua pepe. Alitoka nje, akasimama mbali na benchi, akapiga namba ya ofisi ile aliyopewa, akaongea na mtu, akamtajia neno kwa mdomo. Aliporudi akatoka kwenye barua pepe, akafuta picha kwenye kompyuta, akafungua kile kikapu cha taka na kukimwaga nacho. Zile kopi za mezani akaziweka kwenye begi.

Nilimuuliza kama atakula. Akasema gari la Manyoni linaondoka saa saba. Nikamsindikiza mpaka barabarani, na tulipokuwa tunasubiri bodaboda nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mimi ni dada yako. Ningelitunza hilo neno."

Akaangalia chini. "Najua, dada."

Alijua nini, sikuuliza. Niliumia, nasema ukweli. Nilirudi dukani nikamfokea mteja aliyetaka kopi mbili za kadi ya kliniki.

Siku tatu baadaye, mchana, simu yangu ikaita namba nisiyoijua. Sauti ya kijana, laini, ya mtu aliyelelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hujambo mama yangu? Habari za huko Singida? Mvua mnapata?"

Sijui watu wa mijini mikubwa wanaonaje, lakini huku kwetu mtu akisalimia hivyo, akasubiri jibu, akauliza na mvua, umeshamfungulia mlango nusu. Siku hizi vijana wanaanza simu na "oya." Nikamjibu mpaka habari za mifugo. Akajieleza kwamba anatoka kwa wakala wa ajira Dodoma, kuhusu maombi ya mdogo wangu, muuguzi. Aliitaja kazi yenyewe. Alimtaja mdogo wangu kwa majina matatu. Namba yangu ameipata kwenye maelezo yake binafsi, mimi ndiye mtu wa karibu. Ni kweli nilikuwa nimeandikwa hivyo.

"Mama, nampigia mwenyewe hapatikani. Faili lake la vyeti limefungwa, halifunguki, na bosi anapeleka majina leo jioni. Nasikitika jina lake likiachwa. Labda wewe unalijua neno lake la siri?"

Mdogo wangu Mitundu, akiwa zahanati, mtandao unakuja na kuondoka. Nilijua hapatikani. Nilimpigia kwa simu ya duka huku kijana akiwa kwenye simu yangu, na kweli hakupatikana. Nikaona nafasi inampita tena, mara ya pili, na safari hii kwa kufuli lake mwenyewe.

Nikasema, "Mwanangu, silijui."

"Pole mama. Hata kwa kukisia? Watu wengi wanaweka vitu vya nyumbani. Mimi niko hapa kwenye kompyuta, najaribu."

Ningeweza kukata simu. Ningeweza kusema subiri, nipigie ofisini kwenu mimi mwenyewe. Nilikuwa na karatasi ukutani ya herufi kubwa. Lakini alikuwa mpole, alikuwa ameniita mama mara nne, na alikuwa anangoja, na mimi nililelewa kwamba mtu hatoki kwenu mikono mitupu. Na kuna jambo jingine, la aibu zaidi: nilitaka nilijue lile neno. Nilitaka kuthibitisha kwamba namjua mdogo wangu hata akinigeuzia ukutani.

Nikamwambia ajaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Nikasikia vitufe. "Hapana mama."

Nikamwambia jina la marehemu mama yetu, na mwaka aliofariki. Nikamtajia herufi moja moja. "Hapana mama. Pole."

Kisha nikakumbuka. Mdogo wangu alizaa akiwa chuoni, mtoto wa kike, akaishi siku kumi na moja. Tulimzika nyumbani kwetu Ikungi, na tangu siku ile jina lake halijatajwa kwetu, hata kwenye maombi tunasema "yule." Mimi nililitaja. Nilimtajia mtu nisiyemjua, kwenye simu, saa nane mchana, mteja akiwa amekaa kwenye benchi na karatasi zake. Nilimtajia herufi kwa herufi, na nikarudia ya tatu aliposema hajasikia vizuri.

Vitufe.

"Hapana mama. Basi, asante." Akakata. Hakuaga.

Ni kule kutoaga kulikonishtua. Mtu aliyesalimia vile angeaga. Nilipiga namba ile, ikaita mara moja ikakatwa, kisha ikawa haipatikani. Nilikaa kwenye kiti. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Mdogo wangu alipatikana saa kumi. Nilimwambia kuna kijana amepiga kutoka kwa wakala, anasema faili halifunguki. Akasema nisubiri. Akawapigia ofisini kwa namba yake ile ile. Baada ya robo saa akanipigia.

"Dada, wamelifungua tangu siku ile ile. Wameshahakiki leseni. Hawajampa mtu yeyote kazi ya kukupigia, na namba hiyo hawaijui. Wanasema barua pepe za waombaji zimepita kwenye mikono ya vijana wa muda pale ofisini, watachunguza. Huyo alikuwa na faili, hana ufunguo." Akavuta pumzi. "Ulimwambia kitu?"

Hapo palikuwa pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango.

"Ningemwambia nini?" nikasema. "Silijui."

Akaanza kulia. Sijawahi kumsikia akilia tangu Ikungi. Akasema, "Dada, nisamehe nilikugeuza ukutani. Niliona umeumia. Niliogopa tu. Lakini umeona? Amekubana, na hujasema. Asante, dada yangu. Asante sana."

Nikasema haya, jioni njema, umeme unataka kukatika. Umeme ulikuwepo.

Alipata ile kazi. Yupo Dodoma, amevaa sare nyeupe, ana mshahara na bima. Kijana yule hatukumjua, na kama ofisi ilimjua haikutuambia. Hakuna baya lililotokea mpaka leo, ingawa kila ikiingia namba ngeni naiacha iite mpaka ikatike. Neno lenyewe sijalijua. Haliwezi kuwa lolote kati ya niliyoyatoa, na hilo ndilo lililomwokoa: kwamba nilikisia vibaya.

Krismasi alikuja nyumbani na wenzake wawili wa kazini, wauguzi vijana ambao hawajawahi kufika Singida. Tulipika, shangazi walikuwepo, nyumba imejaa. Wale wageni walikuwa wanazungumza kuhusu matapeli wa ajira, na mdogo wangu akanishika bega mbele ya watu wote. Akasema, "Huyu hapa. Tapeli alimpigia, akambembeleza, shikamoo mama, shikamoo mama, na hakumpa hata herufi moja. Bila yeye nisingekuwa nanyi." Shangazi wakapiga vigelegele. Wageni wakanitazama kwa heshima, na mmoja akainuka kabisa akaja kunipa mkono.

Niliupokea ule mkono. Kisha nikasema naona chai inachemka, nikaingia jikoni, nikasimama huko mpaka ikamwagika.